Upanga uliopita ukutani: nani anamsogeza mhusika, animesheni au msimbo?

Taarifa ya kwanza ilikuja kwa sentensi moja kutoka kwa mwenzetu aliyekuwa akilijaribu gemu: "Nimemuua adui wa chumba cha pili bila kufungua mlango." Tulidhani anatania. Akatuma video. Mhusika wake amesimama mbele ya ukuta, anabonyeza shambulio la kuvamia, mwili unapenya ukuta kama pazia, upanga unamchoma adui aliye upande wa pili, halafu mwili mzima unavutwa kinyumenyume hadi pale ulipoanzia. Yote hayo ndani ya sekunde moja na nusu hivi.

Tulikuwa timu ndogo, na injini yetu ilikuwa Unreal Engine 5. Kazi ya kumsogeza mhusika ilikuwa yangu, kwa hiyo lawama pia. Ukuta ulikuwa na mipaka yake ya mgongano, nimeukagua. Mhusika akitembea kawaida hawezi kuupita. Ni shambulio lile moja tu.

Animesheni yenyewe tuliinunua tayari, imerekodiwa kwa mwigizaji halisi. Inadumu sekunde 1.2. Mhusika anajikunja kwa sekunde 0.3 huku miguu imekita chini, kisha anafyatuka mbele kwa sekunde 0.4, kisha anatumia sekunde 0.5 zilizobaki kujisawazisha. Kwa jumla anasogea mbele sentimita 250. Iliposhuka kwenye injini ilionekana nzuri sana, na hapo ndipo ilipotudanganya.

Ili kuona kilichotokea, niliandika amri mbili kwenye konsoli wakati gemu likiendelea:

```
show Collision
slomo 0.2
```

Ya kwanza inachora maumbo ya mgongano, ya pili inapunguza mwendo wa muda hadi moja ya tano. Nikarudia shambulio. Kapsuli ya mhusika, lile umbo la kidonge linalomzunguka, haikusogea hata kidogo. Ilibaki imesimama mbele ya ukuta huku mwili ukitoka ndani yake, ukisafiri sentimita 250, ukirudi. Kamera nayo ilibaki na kapsuli, kwa sababu mkono unaoishikilia umefungwa hapo. Ukiona mhusika anakimbia na kamera haimfuati, huhitaji kutafuta zaidi: mwili na kapsuli vimeachana.

Jambo ambalo wengi wanaoanza hulikosa, na mimi nilikuwa nimelisahau, ni kwamba kwa injini mhusika ni kapsuli. Umbo lenye mikono, uso na nguo ni pambo lililotundikwa juu yake. Kuta, ngazi, mteremko na sakafu vinaulizwa kuhusu kapsuli tu. Mwili unaweza kwenda popote animesheni inapoupeleka na hakuna atakayeuzuia. Upanga wetu, hata hivyo, ulikuwa ukipima shabaha kutoka kwenye mfupa wa mkono, kwa hiyo uliumiza pale mwili ulipoonekana. Mishale ya adui ilipima kapsuli. Basi kwa sekunde moja mchezaji alikuwa anapiga akiwa upande mmoja wa ukuta na anapigwa akiwa upande mwingine.

Kwa nini kapsuli haikufuata? Nilifungua kiunzi cha mifupa na kuangalia mfupa mmoja mmoja. Mfupa wa mzizi, ule wa juu kabisa katika ukoo wa mifupa, ambao kwa kawaida hukaa chini kati ya nyayo, ulikuwa sifuri tangu fremu ya kwanza hadi ya mwisho. Safari yote ya sentimita 250 ilikuwa kwenye mfupa wa nyonga. Ndivyo rekodi za mwigizaji zinavyotoka mara nyingi: vifaa vinafuata mwili, na mwili hauna mfupa sakafuni.

Hapa inabidi nitofautishe mambo matatu, kwa sababu watu huyataja kama mawili. Kuna animesheni ya hapohapo: mhusika anapiga hatua lakini nyonga haiachi kitovu, kama mtu kwenye mashine ya kukimbilia, na msimbo ndio unaoisogeza kapsuli. Kuna mwendo wa mzizi: mfupa wa mzizi wenyewe unasafiri, na kila fremu injini inachukua kile kipande cha safari, inakitoa kwenye mwili na kumpa kapsuli. Halafu kuna hii yetu, ambayo haikuwa yoyote kati ya hizo. Ina safari, lakini safari imefichwa kwenye mfupa ambao injini haiuulizi. Kuweka alama kwenye `EnableRootMotion`, swichi ya injini inayowasha mwendo wa mzizi, hakukubadilisha chochote. Injini ilitafuta mwendo kwenye mzizi, ikakuta sifuri, ikaipa kapsuli sifuri.

Dawa ya kwanza tuliyojaribu ilikuwa ya haraka. Mwenzetu wa animesheni alifuta safari ya nyonga, akaniachia animesheni ya hapohapo, nami nikaisogeza kapsuli kwa msimbo. Sentimita 250 kwa sekunde 1.2 ni kasi ya takriban sentimita 208 kwa sekunde. Nikaiweka hiyo, nikajaribu, na ukuta ukafanya kazi yake: kapsuli iligonga, mwili ukakaa ndani ya kapsuli, adui wa chumba cha pili akapona.

Lakini shambulio lilikufa. Ilikuwa rahisi kuona kwamba kuna kasoro na vigumu kusema ni nini, mpaka tulipoketi na kukokotoa. Katika sekunde 0.3 za kujikunja, ambapo mwigizaji hakusogea kabisa, kapsuli yangu ilikuwa imeshasafiri sentimita 62. Miguu imekita, ardhi inapita chini yake. Katika zile sekunde 0.4 za kufyatuka, ambapo rekodi ya asili ilikwenda sentimita 220, mimi nilikwenda 83 tu. Na katika kujisawazisha, ambako mwigizaji alimalizia sentimita 30, nilimburuta mhusika sentimita 104. Jumla ni ileile 250, na hakuna kipande hata kimoja kilicholingana na mwili.

Huku kuteleza kwa miguu ndiyo dalili kuu ya animesheni ya hapohapo iliyopewa kasi isiyo yake. Katika kutembea na kukimbia hali hiyo inatibika, kwa sababu mwendo ni wa kurudiarudia na kasi yake ni karibu sawa muda wote. Animesheni yetu ya kukimbia ilitengenezwa kwa sentimita 400 kwa sekunde. Mbunifu wa ngazi za gemu alitaka 450. Tukaicheza kwa kasi ya mara 1.125 na nyayo zikashika ardhi. Uvamizi hauna kasi moja. Una kusimama, mlipuko na kuisha. Ningeweza kuchora mkunjo wa kasi kwa mkono na kuufuata kwa msimbo, na nilianza kufanya hivyo, ila katikati ya kazi nikagundua kwamba ninachora upya kitu ambacho mwigizaji alishakichora kwa miguu yake, tena kwa usahihi mdogo. Na kila mara animesheni ikibadilishwa, mkunjo wangu ungepitwa na wakati bila mtu kujua.

Kwa hiyo tulirudi kwenye faili la asili na kuhamisha safari kutoka nyonga kwenda mzizi. Mwenzetu aliifanya kazi hiyo kwa programu ya Blender. Kwanza aliirekodi njia ya nyonga angani kwa kutumia kitu tupu kinachoifuata fremu kwa fremu. Kisha akaufanya mzizi ukifuate kitu hicho kwa mlalo tu, bila urefu wa kwenda juu. Mwisho akairudisha nyonga kwenye njia yake ya asili, safari hii ikihesabiwa kutoka kwa mzizi unaosogea. Ukiangalia mwili, hakuna kilichobadilika. Kilichobadilika ni nani anaubeba.

Jaribio la kwanza la uhamisho huo lilikuwa na kosa dogo ambalo nitalieleza kwa sababu sijaliona likitajwa sana. Nyonga ya binadamu haiendi moja kwa moja. Huyumba kushoto na kulia anapozungusha mabega. Yetu iliyumba sentimita kadhaa kila upande. Tulipoupa mzizi kila kitu, kapsuli nayo ikaanza kuyumba, na kamera ikayumba nayo. Kwenye ujia mwembamba ilikuwa ikikwaruza kuta ambazo mwili haukuzigusa. Tulichofanya ni kuunyoosha mzizi uende mstari mmoja kwenda mbele, na ule myumbo ukabaki kwenye nyonga. Nusu kipenyo cha kapsuli yetu ni sentimita 34, kwa hiyo mwili kutoka katikati kwa sentimita chache hakumsumbui mtu. Mzizi ubebe nia ya mwendo, nyonga ibebe uzito wa mwili. Ndivyo tulivyokubaliana kusema, na mpaka leo ndiyo lugha yetu.

Baada ya hapo `EnableRootMotion` ilikuwa na kitu cha kufanyia kazi. Shambulio tuliliweka kwenye Montage, chombo cha Unreal cha kucheza animesheni kwa amri ya msimbo, na kwenye Animation Blueprint, mahali panapoamuliwa animesheni ipi ichezwe, tukaacha `Root Motion from Montages Only`, yaani kutembea na kukimbia kunabaki hapohapo chini ya msimbo, na Montage peke yake ndiyo inayoruhusiwa kuisukuma kapsuli. Injini hufanya hivi: kila fremu inapima mzizi umetoka wapi umefika wapi ndani ya animesheni, inaigawanya tofauti hiyo kwa muda wa fremu ipate kasi, kisha inaipitisha kasi hiyo kwenye njia ileile ya mgongano ambayo kutembea hupita. Kwa kuwa kinachopimwa ni tofauti ndani ya animesheni, mashine ya fremu 30 kwa sekunde na ya fremu 120 zinafika sentimita 250 zilezile. Na mwili haurudiwi mara mbili, maana injini huufunga mzizi mahali pake baada ya kuuchukulia mwendo.

Turudi kwenye ukuta. Katikati ya kapsuli iko sentimita 120 kutoka ukutani. Katika toleo la kwanza nyonga ilifika 250, yaani sentimita 130 ng'ambo ya uso wa ukuta. Sasa kapsuli inasimama pale ambapo upande wake wa mbele unagusa, baada ya sentimita 86. Zile 164 zilizobaki zinapotea tu. Injini haiziweki akiba. Na ukuta ukiwa wa mshazari, kapsuli haisimami bali huteleza kandokando yake, kama ambavyo ingefanya ukitembea.

Nilifurahi kwa muda wa dakika kumi. Halafu nikaona kwamba animesheni haijui kama kapsuli imezuiwa. Mhusika amebanwa ukutani, lakini mwili unaendelea kufyatuka, mguu wa nyuma unasukuma hewa, upanga umezama kwenye matofali mpaka kwenye mpini. Mwendo wa mzizi huifanya kapsuli iifuate animesheni. Haufanyi animesheni iifuate kapsuli. Mazungumzo ni ya upande mmoja. Upande wa pili lazima uuandike mwenyewe.

Tuliomba kipande kifupi cha ziada, mhusika akijikwaa kwenye kitu kigumu na kurudisha bega, tukakiweka kwenye Montage ileile kama sehemu inayoitwa `Kwama`. Kisha tukasikiliza tukio la kapsuli kugonga:

```cpp
void AMpiganaji::KapsuliImegonga(UPrimitiveComponent* Yetu,
    AActor* Mwingine, UPrimitiveComponent* Yake,
    FVector Msukumo, const FHitResult& Hit)
{
    UAnimInstance* Anim = GetMesh()->GetAnimInstance();
    if (!Anim || !Anim->Montage_IsPlaying(Shambulio)) return;

    const float Uso = FVector::DotProduct(
        Hit.ImpactNormal, GetActorForwardVector());
    if (Uso < -0.7f)
        Anim->Montage_JumpToSection(FName("Kwama"), Shambulio);
}
```

Namba -0.7 ni karibu nyuzi 45. Ukuta unaokutazama usoni unakukwamisha, ukuta wa kando unakuacha uteleze, na sakafu, ambayo uso wake unatazama juu, haihesabiwi kabisa. Sharti moja halionekani kwenye msimbo: sehemu ya `Kwama` haitakiwi kuwa na mwendo wa mzizi wa kwenda mbele. Toleo letu la kwanza lilikuwa nao, sentimita chache tu. Kapsuli ikagonga tena, tukio likaita tena, Montage ikaruka tena mwanzoni mwa `Kwama`, na mhusika akawa anatetemeka ukutani kama mtu mwenye homa mpaka umwondoe kwa nguvu.

Swali lililokuja baada ya hapo lilitoka kwa mwenzetu wa animesheni, na lilikuwa la haki: kama mwendo wa mzizi unashika miguu vizuri hivi, kwa nini tusiutumie na kwenye kukimbia? Tulijaribu kwa siku mbili. Miguu ilikuwa mizuri kweli. Vidole vya mchezaji ndivyo vilivyolalamika. Mwendo wa mzizi unapotawala, kasi inayotoka kwenye animesheni inafuta ile inayotoka kwenye kontrola. Ukisukuma kijiti kushoto, huendi kushoto. Unaomba animesheni ya kugeuka, na inakupeleka kushoto ikimaliza hatua iliyomo. Kwa uvamizi wa sekunde 1.2 hilo ndilo tunalotaka, mchezaji amejifunga kwenye uamuzi wake. Kwa kukimbia ni mateso. Pia mbunifu akitaka kasi ya 450 iwe 480, kwenye animesheni ya hapohapo anabadilisha namba moja. Kwenye mwendo wa mzizi anamwamsha mtu wa animesheni. Kwa gemu la wachezaji wengi mtandaoni kuna sababu nyingine ya kubaki na Montage peke yake: ndiyo njia ambayo injini inaweza kuisawazisha kati ya seva na mashine za wachezaji.

Zoezi la siku mbili halikupotea bure, maana lilituonyesha ukingo wa jukwaa. Ukivamia kuelekea shimoni, kapsuli inaacha ukingo na kuanza kuanguka, lakini kasi ya mlalo bado inatoka kwenye animesheni. Mvutano unaishusha, mzizi unaipeleka mbele. Anayefyatuka anapaa kidogo juu ya shimo, na anayejisawazisha anaanguka karibu wima, bila kujali alikuwa na kasi gani nukta moja kabla. Wachezaji wawili waliotujaribia walisema inahisi kama kuna gundi hewani. Tuliamua kuikata Montage mhusika anapoanza kuanguka, na kuiachia kapsuli kasi aliyokuwa nayo.

Ule urefu wa kwenda juu, tuliouacha kwenye nyonga, ulitudai baadaye. Tulipoongeza shambulio la kuruka na kushuka na upanga, mwenzetu aliuinua mzizi sentimita 120 na kuushusha, akitarajia kapsuli ipande nao. Haikupanda. Mhusika alikunja magoti, akainua upanga, akabaki chini kama anayechuchumaa. Katika hali ya kutembea injini huiweka kapsuli sakafuni na kutupa mwendo wa wima unaotoka kwenye mzizi. Na kwa kuwa mzizi umefungwa, mwili nao haupandi. Kuna njia mbili na zote zina gharama. Ukiuacha urefu kwenye nyonga, mwili unaruka ila kapsuli inabaki chini, na pigo la adui linalofagia chini ya nyayo litampiga mtu aliye hewani. Ukitaka kapsuli ipande kweli, unabadili hali ya mwendo kuwa `MOVE_Flying`, yaani kupaa, Montage inapoanza. Huko hakuna mvutano, kwa hiyo shambulio likikatizwa njiani na hujairudisha hali ya kuanguka, mhusika ananing'inia angani.

Tulichagua ya pili, na kuirudisha hali tuliifunga kwenye tukio la Montage kuisha, ambalo huita iwe imemalizika au imekatizwa. Mwenzetu wa majaribio alitumia mchana mzima akijaribu kumwacha mhusika hewani kwa kumpiga kila fremu ya mruko. Hakufanikiwa, ila aligundua kwamba nafasi kati ya kichwa na dari la chumba cha pili ni fupi kuliko sentimita 120 za mruko, na kichwa kikigonga dari lile tukio la `Kwama` halikuitwa, kwa sababu uso wa dari unatazama chini na si mbele. Hilo bado liko kwenye orodha yangu.